Mke O hasi, mtoto A chanya, saa 72 zimeshapita: sindano ya anti-D bado ina maana?

#1 Karafuu_Kavu (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Asalaam alaykum wana baraza. Niko Konde, Pemba. Mke wangu kajifungua Alkhamis saa nne usiku, nyumbani kwa mamake, mtoto alikuja upesi hata gari haikuwahi. Ijumaa tukawapeleka kituoni. Kadi ya kliniki imeandikwa O hasi tangu siku ya mwanzo, na hakuna aliyetwambia neno juu ya hilo. Damu ya mtoto ikachukuliwa, majibu yametoka jana jioni: A chanya. Muuguzi akasema mama anatakiwa achomwe anti-D ndani ya saa 72, na pale hawana. Maduka ya dawa ya Wete na Chake niliyopiga simu nayo hayana. Shemegi yangu kaipata Unguja, bei yake mbuzi mzima, lakini itafika kesho kwa boti. Sasa mtu mwengine pale kituoni kanambia nisitupe pesa, saa 72 zikipita basi tena. Ni kweli? Huyu mtoto wetu wa pili. Wa kwanza yuko skuli, mzima.

#2 Mzee_wa_Baraza

Waalaykum salaam. Hongera ya mtoto. Mimi naona mnatishwa tu. Zamani bibi zetu walizaa watoto kumi na hakuna aliyejua hasi wala chanya.

#3 Bi_Kilua

@Mzee_wa_Baraza na katika hao kumi walizika wangapi? Marehemu bibi yangu alizaa wa kwanza mzima, wa pili akatoka manjano akafa siku ya tatu, wa tatu na wa nne walizaliwa wafu wamevimba. Ikasemwa ana chango. Kanywa dawa za chango mpaka akachoka. Leo nikisoma habari hizi najiuliza.

#4 Ngalawa_ya_Wete

Karafuu, aliyekwambia hivyo yuko sahihi. Sindano hii ni kama chanjo, ina saa zake. Na kwa kuwa mtoto wa kwanza mzima na wa pili mzima, ina maana mke wako hana tatizo hilo, damu zenu zimeelewana. Akishika mimba nyengine ndio achomwe mapema.

#5 Maabara_Usiku

Karafuu, mwambie shemegi yako anunue leo hii. Nafanya kazi maabara, nitaeleza taratibu.

Saa 72 ni muda unaotakiwa kuwahiwa. Baada ya hapo kinga inapungua kila siku inayopita, lakini haikatiki ghafla saa nne usiku ya siku ya tatu. Miongozo mingi inasema aliyekosa achomwe tu, mpaka siku ya kumi tangu kujifungua, na ipo inayokwenda mbali zaidi. Sababu ni hii. Wakati wa kuzaa, hasa kondo inapobanduka, damu ya mtoto kidogo huingia kwa mama. Seli zile za mtoto zina alama ya D, ndiyo inayomfanya aitwe chanya, ambayo mama hana. Mwili wa mama hauzitambui siku hiyo hiyo, unachukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili zake wenyewe, na hizo ndizo huvunja damu ya mtoto chanya anayefuata. Anti-D tunayochoma inawahi kuziondoa zile seli kabla mwili haujajifunza. Ukichelewa siku mbili umepoteza sehemu ya nafasi, si yote.

Na @Ngalawa_ya_Wete, hii si chanjo. Chanjo inaufundisha mwili, hii inauzuia usijifunze. Haikai mwilini maisha. Nusu yake inaondoka kwa kiasi cha wiki tatu, kwa hiyo kila uzazi wa mtoto chanya unataka sindano yake.

Lakini kabla ya kuchomwa kuna jambo moja la lazima: mama atolewe damu ya kipimo cha Kumbsi, kinachotafuta kingamwili, KWANZA. Kikija kina kingamwili zake mwenyewe, basi sindano haina kazi tena, hata angechomwa dakika ya kwanza. Ukichoma kisha ukapima, utaiona sindano yenyewe ndani ya damu na hutajua ipi ni ipi.

Nina masuali matatu. Katika mimba hii alitokwa na damu au alianguka? Kabla ya huyu mtoto wa kwanza au baada yake, kuna mimba iliyotoka? Na huyo wa kwanza ni kundi gani?

#6 Tumbatu_Msafiri

Mimi na mke wangu sote ni AS. Na sisi tunatakiwa tuchome hiyo sindano?

#7 Bi_Kilua

@Tumbatu_Msafiri wewe unazungumzia selimundu, sheikh. Hiyo njia nyengine kabisa. Fungua uzi wako.

#8 Karafuu_Kavu

Shukran sana Maabara_Usiku. Mimba haijawahi kutoka. Lakini mwezi wa sita wa mimba aliteleza kisimani, akaanguka kwa ubavu, akatoka damu kidogo siku mbili. Kituoni wakasikiliza moyo wa mtoto, wakasema yuko salama, wakamrejesha nyumbani. Wa kwanza sijui kundi lake. Mimi nina kadi ya Damu Salama, nilichangia skuli: A chanya.

Jengine: mtoto leo macho yamekuwa manjano kidogo. Mama mkwe anamtoa juani asubuhi.

#9 MkungaMstaafu

Mwanangu Karafuu, nimezalisha Mkoani na Chake miaka mingi. Suala la sindano liache kidogo, kwanza tuseme la manjano. Manjano ikitokea ndani ya saa 24 za mwanzo ni khatari, hiyo haisubiri. Ikianza siku ya tatu au ya nne mara nyingi ni ile ya kawaida ya watoto wachanga. Lakini huyu mama yake ni hasi na yeye chanya, kwa hiyo usikae na kubahatisha, wala jua la asubuhi si dawa ya kutegemea. Mpeleke leo apimwe kiwango cha bilirubini, ile rangi ya manjano ndani ya damu, na Kumbsi yake mtoto mwenyewe. Mtazame ananyonya vipi. Akilala sana, akikataa ziwa, akilia kwa sauti nyembamba au akijikunja mgongo kwa nyuma, usingoje gari ya kawaida.

Na ile siku alipoanguka ndipo palipokosewa. Mama hasi akianguka kwa tumbo au akitoka damu katika umri ule wa mimba, anatakiwa achomwe palepale ndani ya saa 72 hizo hizo, wala haingojwi mpaka azae. Moyo wa mtoto kupiga vizuri hakutwambii kama damu imevuka kwenda kwa mama.

#10 Ngalawa_ya_Wete

Sawa nimeelimika, lakini hamjanijibu. Mama O, mtoto A. Nilisoma kwamba mama wa O ana kinga ya asili dhidi ya A, kwa hiyo seli za mtoto zikiingia zinauliwa hapo hapo. Sasa sindano ya nini? Na hiyo manjano si ya D, ni ya hiyo A na O.

#11 Maabara_Usiku

@Ngalawa_ya_Wete hapa umegusa ukweli. Mama O mwenye mtoto A ana hatari ndogo zaidi ya kujenga kingamwili za D, kwa sababu ile uliyoitaja. Bila sindano yoyote, mama hasi mwenye mtoto chanya wa kundi linaloelewana naye anakadiriwa kupata kingamwili mara 16 katika 100. Makundi yasipoelewana inashuka hadi kama 2 katika 100. Imeshuka, haikuondoka. Hakuna mwongozo ninaoujua unaosema mama O mwenye mtoto A asichomwe.

Kuhusu manjano, inawezekana kuwa ni ya A na O, inawezekana ni ya kawaida tu. Kumbsi ya mtoto inaweza kutoka chanya hafifu kwa ajili ya A na O, kisha watu wakasema "tayari D hiyo" na mama akanyimwa sindano. Ndiyo maana nasisitiza damu ya MAMA itazamwe kivyake.

#12 MamaPacha_Mkoani

Hilo la kunyimwa limenikuta mimi! Mimba ya pacha, daktari wa binafsi alinichoma anti-D wiki ya 28. Nilipojifungua hospitali moja wakanipima Kumbsi, ikaja chanya hafifu. Wakaniambia mwili wako umeshajenga, sindano haikufai. Nikalia sana, nikajua sizai tena. Dada yangu alikuwa na ile karatasi ya sindano kwenye mkoba, akawafuata maabara akawaonesha tarehe. Ndipo wakasema hiyo wanayoiona huenda ni mabaki ya sindano yenyewe. Nikachomwa siku ya pili. Karatasi zenu msizitupe, na mkichomwa iandikwe kwenye kadi, tarehe na dozi.

#13 Maabara_Usiku

@MamaPacha_Mkoani ahsante, hiyo ni mifano ya kufundishia. Mabaki ya sindano ya wiki ya 28 huonekana kwa nguvu ndogo na hupungua kila ukirudia. Zile za mwili wenyewe kwa kawaida hupanda. Pakiwa na shaka, mama achomwe. Akichomwa bila haja amepoteza pesa na bega limemuuma. Asipochomwa na alikuwa na haja, atakayelipa ni mtoto anayefuata.

#14 Dole_Mpya

Wiki ya 28 mbona hospitali za serikali hawachomi? Mimi nimeambiwa ni biashara ya madaktari binafsi.

#15 MkungaMstaafu

Si biashara, mwanangu, wala si kila mahali. Ulaya wanachoma wiki ya 28, wengine 28 na 34, juu ya ile ya baada ya kuzaa. Kwa sababu wapo wachache, kama 1 au 2 katika 100, ambao damu ya mtoto huvuka kimyakimya miezi ya mwisho bila kuanguka wala kutoka damu, na hao ya baada ya kuzaa inawakuta wameshajenga. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa kliniki wa 2016 halikuipendekeza ile ya ndani ya mimba kuwa ya kila mama hasi, ilisema ifanywe kwenye utafiti tu. Ya baada ya kuzaa hiyo haina mjadala.

#16 Dole_Mpya

Kwa hiyo mwenye pesa achome, asiye nazo aombe Mungu?

#17 MkungaMstaafu

Kama ni mwanangu mimi na pesa ipo, ningemchoma 28. Kama pesa ni ya sindano moja tu, ningeiweka ya baada ya kuzaa. Wenzangu wengine hawatakubaliana nami.

#18 Mzee_wa_Baraza

Hizi saa 72 nani alizipanga? Kwa nini si 70 wala 80?

#19 Chwaka_Kaskazi

@Mzee_wa_Baraza hii ni tamu. Miaka ya 1960 watafiti wa New York waliijaribu kwa wanaume waliojitolea, wafungwa wa gereza la Sing Sing, walio hasi. Waliwatia seli chanya kisha wakawachoma anti-D. Inasimuliwa kuwa watafiti hawakuruhusiwa kuingia gerezani kila wapendapo, kwa hiyo sindano ikachomwa siku tatu baadaye. Ikafanya kazi, na muda huo ukabaki kwenye majaribio ya kina mama. Marekani iliruhusiwa 1968. Yaani siku ya nne haikupimwa ikashindwa, haikupimwa tu vya kutosha.

#20 Mzee_wa_Baraza

Wanaume wafungwa wamewasaidia wanawake wa Konde. Subhanallah. Na dawa yenyewe inatengenezwa kwa nini?

#21 Chwaka_Kaskazi

Kwa maji ya damu ya watu waliochangia, wale wenye kingamwili za D. Australia alikuwepo mzee mmoja, James Harrison, alichangia zaidi ya mara 1,100 mpaka alipozuiwa na umri. Alifariki 2025.

#22 Mzee_wa_Baraza

Damu ya mtu? Hapo sheria ya dini inasemaje?

#23 Bi_Kilua

Ulipochangia damu mwanao alipoungua uliuliza? Muulize sheikh wa msikiti wako, humu tutagombana mpaka alfajiri.

#24 Karafuu_Kavu (Jumatatu, saa 3 usiku)

Taarifa. Bilirubini ya mtoto imepimwa, wamesema iko juu kidogo lakini haijafika ya kuwekwa kwenye taa, arudi kesho. Ananyonya vizuri. Mama ametolewa damu ya Kumbsi. Nimempeleka na mkubwa akapimwa pia. Sindano shemegi kaishika mkononi, imeandikwa mikrogramu 300, yuniti 1500. Yatosha? Na aiweke vipi kwenye boti?

#25 Maabara_Usiku

Inatosha kwa uzazi wa kawaida. Mikrogramu 300 zinafunika kama mililita 30 za damu ya mtoto iliyovuka, na kwa wengi waliozaa kawaida inayovuka haifiki hata mililita 4. Kinachotia wasiwasi ni uzazi mgumu: kondo kutolewa kwa mkono, upasuaji, kondo kubanduka mapema, pacha. Hapo inaweza kuvuka nyingi na dozi moja isitoshe. Kipo kipimo cha kuhesabu seli za mtoto ndani ya damu ya mama, lakini si maabara nyingi zinazokifanya. Kondo ilitokaje kwa mke wako?

Usafiri: nyuzi 2 hadi 8. Kiboksi cha baridi chenye vibarafu, lakini chupa isigusane na barafu, izungushiwe kitambaa au gazeti. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikawa safi machoni usiitumie. Huko mezani kwa boti juani pia hapana.

#26 Tumbatu_Msafiri

Shemegi asimwachie baharia. Mimi samaki zangu zilifika zimeganda kama mawe.

#27 Karafuu_Kavu

Kondo ilitoka yenyewe, mkunga wa kijijini alisema nzima. Shemegi anakuja nayo mapajani.

#28 Karafuu_Kavu (Jumanne, saa 12 jioni)

Alhamdulillah. Kumbsi ya mama imekuja hasi. Amechomwa saa kumi alasiri, begani. Bilirubini ya mtoto imeshuka. Na mkubwa wetu ni A HASI. Sasa hii ina maana gani, maana mimi ni chanya?

#29 Maabara_Usiku

Ina maana nzuri na nyengine ya kufikiri. Mkubwa kuwa hasi maana yake mke wako hakuwahi kukutana na alama ya D katika uzazi ule, ndiyo maana kukosa sindano wakati ule hakukumdhuru. Si kwamba "damu zimeelewana". Kwako wewe ina maana umebeba nusu ya hasi ambayo haionekani kwenye kadi yako, umerithi kwa mzazi mmoja. Kila mimba ijayo ni nusu kwa nusu, mtoto atakuwa chanya au hasi.

Kumbsi kuwa hasi leo ni habari njema: lile anguko la mwezi wa sita halijaacha alama inayoonekana. Lakini lililotokea Alkhamis haliwezi kuonekana leo, ni mapema mno. Arudie kipimo baada ya miezi sita, si mitatu, sindano iwe imeshamaliza kutoka mwilini. Na mimba ijayo apimwe Kumbsi kliniki ya kwanza, kisha tena wiki ya 28.

#30 Ngalawa_ya_Wete

Na mimi bado nasema kilichomkinga na lile anguko ni O na A. Mwezi wa sita alitoka damu, hakuchomwa, na Kumbsi hasi. Nini kingine?

#31 MkungaMstaafu

Labda hiyo, labda damu ile ilikuwa ya mama mwenyewe tu na ya mtoto haikuvuka. Nani ajuaye? Tungemchoma siku ile tusingekuwa tunabishana.

#32 Bi_Kilua

Na mimi niulize. Mdogo wangu ni B hasi, mwezi uliopita mimba imemtoka ya wiki nane, ikatoka yenyewe bila kusafishwa. Hakuchomwa. Kapimwa Kumbsi, imekuja hasi. Tuhangaike?

#33 MkungaMstaafu

Sisi zamani tulikuwa tunachoma yoyote, hata ya wiki sita.

#34 Maabara_Usiku

Sasa hivi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unapendekeza chini ya wiki 12 asichomwe. Waingereza nao hawachomi chini ya 12 ikiwa imetoka yenyewe na hakusafishwa. Wengine bado wanachoma, hasa akisafishwa. Kwa wiki nane iliyotoka yenyewe mimi singehangaika, ila wiki zenyewe zilihesabiwa kwa kipimo cha picha au kwa kukumbuka tu?

#35 Bi_Kilua

Kwa kukumbuka. Na yeye mwezi wake haueleweki.

#36 MkungaMstaafu

Basi huenda ilikuwa kumi na mbili. Imemtoka lini hasa, tarehe?